Asilimia tano uliyokatwa haijamaliza ushuru wako

Kila ifikapo Juni, wafanyakazi huru wengi wa hapa Kenya huniambia neno lile lile: "Lakini mimi nilishakatwa." Wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu kampuni waliyoifanyia kazi ilizuia asilimia 5 ya ankara na kuipeleka KRA. Kosa liko kwenye kile wanachokidhania baada ya hapo. Kwa mkazi wa Kenya anayeuza huduma za kitaalamu, asilimia 5 hiyo ni malipo ya awali tu. Ushuru wenyewe hukokotolewa mwisho wa mwaka juu ya faida, kisha kilichozuiwa kinatolewa. Anayengoja Juni ndipo apige hesabu hii huwa tayari amekwishazila pesa zilizokuwa za serikali.

Tumchukue mtafsiri anayefanya kazi Nairobi. Mwaka 2025 alitoa ankara za shilingi 1,440,000. Kati ya hizo, 840,000 zilikwenda kwa kampuni za hapa nchini, nazo zilimkata 42,000. Zilizobaki, 600,000, zilitoka kwa mteja wa Ulaya ambaye hakukata chochote. Pesa za Ulaya nazo ni mapato ya Kenya, kwa kuwa kazi ameifanyia hapa. Kwamba mteja yuko mbali hakubadilishi kitu.

Sasa gharama. Alilipa 120,000 za meza katika ofisi ya pamoja. Intaneti ya nyumbani ilimgharimu 60,000, lakini familia nzima inaitumia, kwa hiyo anadai robo tatu tu, yaani 45,000. Alimlipa mhariri 150,000. Akanunua kipakatalishi cha 120,000, na hapa wengi huteleza: kifaa kitakachotumika miaka kadhaa hakitolewi chote kwa mkupuo mmoja. Kwa kompyuta, sheria inaruhusu asilimia 25 katika mwaka wa kwanza, yaani 30,000. Jumla ya gharama ni 345,000, na faida inabaki 1,095,000. Kama angekuwa na michango ya SHIF au ya pensheni iliyosajiliwa, nayo ingeshusha kiasi kinachotozwa, ila nimeiacha ili hesabu ionekane wazi.

Ngazi za ushuru zinaanza hivi: shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, nazo zinaleta 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, zinaleta 25,000. Kuanzia hapo hadi milioni 6 ni asilimia 30. Mtafsiri wetu ana 707,000 katika ngazi hiyo ya tatu, ambazo zinaleta 212,100. Ukijumlisha unapata 265,900. Toa nafuu binafsi ya 28,800 ambayo kila mkazi hupewa kwa mwaka, ushuru wake ni 237,100. Toa 42,000 zilizokwisha kuzuiwa, anadaiwa 195,100.

Angalia nafuu binafsi ilivyo sawasawa na ushuru wa ngazi ya kwanza. Kwa hiyo shilingi 288,000 za mwanzo hazitozwi kitu, ngazi ya pili ina upana wa laki moja tu, halafu unatua kwenye asilimia 30. Kwa yeyote ambaye faida yake iko kati ya 388,000 na milioni 6, hesabu yote inajikunja kuwa mstari mmoja:

```
ushuru = 0.30 × faida − 91,400
```

Mimi naona jambo hili halina haki. Tunaambiwa ushuru unapanda kwa ngazi kadiri mtu anavyopata, lakini anayepata faida ya 35,000 kwa mwezi na anayepata 400,000 kwa mwezi wote wanatozwa asilimia 30 kwenye shilingi yao ya mwisho. Ngazi ya asilimia 25 ingepanuliwa hata hadi laki sita kwa mwaka, mfanyakazi huru mchanga angepata pumzi. Lakini sheria ndiyo hiyo, na mstari ule una faida moja kubwa: unakuonyesha thamani ya kila risiti.

Rudi kwa mhariri wa 150,000. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki, hata kama ujumbe wa M-Pesa unaonyesha wazi kwamba ulilipa. Mhariri asipotoa ankara hiyo, faida ya mtafsiri inapanda kwa 150,000 na ushuru unapanda kwa 45,000. Ni zaidi ya yote aliyokatwa na kampuni mwaka mzima. Ndiyo maana nasema habari ya ankara izungumzwe kabla kazi haijaanza, pamoja na bei. Ukimkumbusha mhariri miezi minane baadaye, huenda hata hajasajiliwa, na huna cha kumlazimisha nacho.

Wapo wanaojaribu kulikwepa hili kwa kujiweka kwenye ushuru wa mauzo wa asilimia 3. Kwa ankara zetu ungekuwa 43,200 tu, na unavutia kweli. Lakini malipo ya huduma za kitaalamu na za kimkataba yametolewa nje ya mpango huo. Mwenye duka anaweza kuutumia, mtafsiri hawezi.

Kwa kuwa deni linazidi 40,000, KRA haingojei mwaka uishe. Linalipwa kwa awamu nne: tarehe 20 Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mtafsiri wetu kila awamu ni 48,775. Kama hawezi kukisia mwaka utakavyokwenda, anaruhusiwa kutumia ushuru wa mwaka uliopita ukiongezwa asilimia 10. Kinachosalia hulipwa kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata. Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu, si ya kulipa, na anayezichanganya tarehe hizi mbili anajiongezea adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Pesa hizo atazitoa wapi? Ushuru wa 237,100 ni kama asilimia 16.5 ya ankara zote. Basi kila malipo ya Ulaya yakiingia, aweke kando asilimia 16.5. Kwenye ankara za hapa nchini 5 zimeshakatwa, kwa hiyo aweke 11.5. Mwisho wa mwaka atakuwa na 195,600, na deni litalipika bila kukopa. Gharama zake zikipungua, asilimia hiyo ipande, kwa hiyo aipige upya kabla ya kila awamu.

Kuna ukaguzi mmoja ambao singeuruka. Chukua jumla ya vyeti vya zuio vilivyo kwenye iTax, uigawanye kwa 0.05. Kwa mtafsiri wetu, 42,000 lazima ziturudishe kwenye 840,000. Ukipata zaidi ya ulichoandika kama mapato ya kampuni za hapa nchini, huenda uliandika kilichoingia benki, 798,000, badala ya ankara kamili, na KRA inaiona tofauti hiyo kama wewe. Ukipata pungufu, kuna kampuni iliyokukata bila kupeleka. Inatakiwa kupeleka ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukata, kwa hiyo idai cheti mapema, ukitaja namba ya ankara na tarehe ya malipo. Ila angalia kwanza ankara za Desemba: kazi ni ya mwaka huu na mapato yanahesabiwa mwaka huu, lakini mteja akilipa Januari, cheti kitabeba tarehe ya mwaka mpya.