Kitufe Kimoja Kimenifedhehesha Mbele ya Mama Mkwe

Shemeji keshatupia voisi kwenye grupu, eti nilimzimia mama mkwe taarifa ya habari kwa hasira. Mwongo! Sikuwa na hasira, nilikuwa na rimoti.

Mnajua nilivyojitapa: rimoti tatu naziweka kabatini, nyingine moja inaongoza tivi, king'amuzi na saundibaa. Jioni nzima nilikaa na kijitabu cha kodi za rimoti, nikijaribu namba baada ya namba mpaka kila kifaa kikaitikia, kimoja kimoja. Vitufe vya sauti nikavielekeza kwenye saundibaa tu. Kitufe kikubwa cha juu kikawa cha kuwasha vyote vitatu kwa zamu.

Mama mkwe kafika. "Mama, tazama, kitufe kimoja tu!" Nikabonyeza.

Tivi ikawaka. King'amuzi kikawasha taa yake. Saundibaa ikawaka... ikazimika. Kimya. Halafu spika za tivi yenyewe zikalipuka. Hizo spika ni dhaifu, ndiyo maana nilinunua saundibaa. Enzi zile nilikuwa naziweka 80, na tivi haikusahau. Sasa tangazo la sabuni kwenye 80 sebuleni ni jambo jingine. Mama mkwe akashika kifua.

Nikabonyeza kupunguza sauti. Nikabonyeza tena. Nikasogea hadi kwenye kioo, nikabonyeza kama nasukuma msumari kwa dole gumba. (Mnaocheka, nawaona.) Wapi! Vitufe vya sauti vinaongea na saundibaa, na saundibaa imelala. Nilikuwa namnong'oneza maiti apunguze kelele.

Nikarudia kitufe kikubwa: tivi ikazimika, king'amuzi kikazimika, saundibaa ikawaka. Nikabonyeza tena: wale wawili wakaamka, yule akalala, sabuni ikarudi. Kama ndugu waliogombana, wakiingia hawa anatoka yule.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko tusi, "si uchomoe tu waya?"

Nikachomoa.

Mchawi ni HDMI-CEC, njia ya vifaa kuamrishana vyenyewe. Tivi ikiwaka inaiamsha saundibaa yenyewe, kupitia waya wa HDMI. Zamu ya saundibaa ikifika, rimoti yangu inatuma kodi ya pawa, na kodi hiyo ni moja kwa kuwasha na kuzima. Imemkuta mwenzake yuko macho, ikamlaza. Kungekuwa na kodi ya kuwasha peke yake nisingeadhirika, ila kwenye kijitabu changu haimo. Nimeitoa saundibaa kwenye zamu, tivi inaiamsha yenyewe. Na spika za tivi nimezishusha hadi 15, sitaki tena mchezo.

Jana mama mkwe kaja tena. Hajakaa bado, kaniuliza ule waya uko wapi.