Ujumbe wa Jumanne Umeingia Ijumaa

Simu imelia "ting" asubuhi hii, kialama cha voismeli kikakaa juu ya kioo kwa raha zake, kama mgeni aliyewahi. Ujumbe wa Jumanne! Meneja wa ghala anatafuta mtu wa zamu ya usiku, apigiwe kabla ya saa sita mchana. Leo Ijumaa. Saa sita ipi sasa, baba?

Sisi tunaobeba boksi huku Marekani tulikuja na utamaduni wetu: asiyepokea simu, unambipu, atakutafuta. Huku hawabipu. Mwenye nyumba, daktari, mwalimu wa mtoto, wote wanaacha voismeli, kisha wanahesabu umeshaambiwa.

Basi tuanze na salamu ya kupokelea. Ukiiacha ile ya kiwandani, mashine inawasomea watu namba yako tarakimu moja moja kwa Kiingereza. Mzungu ataelewa. Sasa ngoja shangazi apige kutoka Morogoro.

"Haloo? We binti, mpe simu mwenye simu." Binti anasoma namba. "Namba ninayo, mama, ndiyo niliyopiga! Mwite baba yangu!" Binti anamwambia aongee baada ya mlio. Mlio unalia. Shangazi kimya, anasubiri huyo binti akuite chumbani. Salio nalo linayeyuka, maana mashine ikishapokea, simu imepokelewa, na mpigaji analipa. Baada ya dakika nzima ndipo anaamua kutoa habari yenyewe: amesalimia watu wa nyumba, wa jirani, na mbuzi, akafika "sasa anayeoa mwezi ujao ni..." Tii! Muda umekwisha, sanduku la voismeli lina kikomo chake. Jioni ukoo mzima unajua unaishi na mwanamke wa Kizungu mwenye kiburi.

Dawa ni dakika mbili tu. Kwenye Aifoni fungua Phone, ingia Voicemail, gusa Greeting, chagua Custom, gusa Record, sema, simamisha, halafu Save. Usipogusa Save, binti anarudi kazini. Kwenye simu nyingine shikilia tarakimu 1 mpaka ipige, ufuate maelekezo. Sema jina lako kwanza, Kiingereza, kisha Kiswahili, "hii ni mashine, sema kwa kifupi." Sekunde kumi zinatosha. Wala usirekodie bafuni, utasikika kama umetumbukia kisimani.

Turudi kwa Jumanne. Kabla hujatukana mtu, shikilia 1 usikilize moja kwa moja. Ujumbe ukiwemo, sanduku ni zima, taarifa ndiyo iliyopotea njia. Na hapa ndipo ubahili wetu unapotuumbua: tunazima data ili bando lisiishe, tunaishi kwa waifai ya nyumbani. Ila ile orodha ya voismeli unayoisoma kwenye kioo, kwa mitandao mingi, inashuka kwa data ya laini yenyewe. Waifai haiitambui. Ujumbe unakaa kwa mtandao siku tatu, siku unayowasha data kutafuta njia ya basi, huo unashuka! Zima waifai, washa data, fungua Voicemail, subiri. Ikigoma, weka hali ya ndege kwa sekunde kama 15, toa.

Wa Androidi mna balaa la ziada, simu inalaza programu ili kuokoa betri. Shikilia programu ya Phone, ingia App info, kisha Battery, weka Unrestricted. Hapohapo kwenye Notifications hakikisha Voicemail haijazimwa. Nani aliizima? Mtoto. Siku zote ni mtoto.

Na kama umehama mtandao ukabaki na simu ileile, piga hii:

```
*#61#
```

Mtandao ukiikubali, itakuonyesha simu usizopokea zinapelekwa namba gani. Ukikuta si namba ya sanduku la mtandao wako wa sasa, ujue watu wanaongea na sanduku lisilo na mwenyewe. Wapigie huduma kwa wateja warekebishe. Ndiyo, utasubiri kwenye laini huku unapigiwa muziki. Chemsha chai.

Kuna na kile kialama kinachoganda, sanduku tupu lakini kinasema una ujumbe. Jiachie ujumbe kwa simu nyingine, usikilize, ufute, mara nyingi huondoka nao. Ubaya wake ni kwamba utaisikia sauti yako. Hivi jamani, hii ndiyo sauti wanayotuwekea mstari wa mbele kwaya kila Jumapili? Na mwalimu wa kwaya anaitikia kwa kichwa, anasema tumependeza! Yule mzee ana roho gani?