Mzazi akichelewa, nani anakuja kumchukua mtoto?

Nimekuwa nikiwaangalia watoto wa watu wengine baada ya shule kwa miaka kadhaa sasa, na mzazi anayekuja kwangu mara ya kwanza karibu kila mara huuliza kuhusu moto, maji na dawa. Anafanya vizuri kuuliza. Dawa zimefungiwa juu, ndoo haibaki na maji, jikoni mtoto haingii peke yake. Lakini saa ninayoiogopa zaidi ni ile ya mwisho, mtoto anapotoka mikononi mwangu kwenda mikononi mwa mwingine. Na kinachoiharibu saa hiyo mara nyingi ni mzazi kuchelewa, jambo ambalo tumezoea kulijadili kama suala la malipo tu. Naamini tunakosea tunapotenganisha mambo haya mawili.

Nieleze kilichonitokea. Watoto kwangu hufika saa 9 alasiri na huchukuliwa kufikia saa 12 jioni. Siku moja saa 12 ilipita, watoto watatu wakawa wameshaondoka, akabaki msichana wa miaka 6. Saa 12 na dakika 20 akaja mwanamume, akaniamkia vizuri, akasema mama yake mtoto amebanwa kazini na amemtuma yeye. Mtoto alipomwona akaruka kwa furaha, akamwita mjomba. Papo hapo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu, kwa namba ya mama yake: mpe tu mjomba wake, asante.

Nilikuwa nimechoka. Chakula cha nyumbani kwangu kilikuwa motoni. Kila kitu kilionyesha kwamba nimpe tu mtoto, tufunge siku.

Nikafungua daftari. Jina lake halikuwemo. Nikamwambia, "Samahani sana kaka, jina lako silioni hapa. Naomba unisubiri hapo nje kidogo, nimpigie mama yake." Nikampigia, hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Nikapiga namba ya pili iliyoandikwa, ya baba, naye hakupatikana. Mjomba alianza kukasirika, na mtoto akaanza kulia akitaka kwenda. Dakika 25 baadaye mama alipokea. Nilimwomba neno la siri, akalitaja, akathibitisha kwamba ni kaka yake, nikamkabidhi mtoto. Kesho yake mama alinijia juu: nimemdhalilisha ndugu yake mlangoni.

Nilimwelewa, lakini sikumwomba radhi kwa kungoja. Furaha ya mtoto haithibitishi kwamba mtu ametumwa. Inathibitisha tu kwamba mtoto anamfahamu, na mtu anayeweza kumdhuru mtoto mara nyingi ni yule yule ambaye mtoto anamfahamu. Ujumbe wa maandishi nao unaonyesha namba ya simu tu, hauonyeshi aliyeishika. Simu huibiwa, husahaulika mezani, huazimwa. Ndiyo maana ninapiga mimi mwenyewe, kwa namba niliyoiandika siku ya kwanza, na si namba ninayopewa na aliyesimama mlangoni. Nasikia sauti, naomba neno. Neno likishatumika mara moja, tunalibadilisha. Watoto wadogo siwaambii neno hilo, maana mtoto wa miaka 6 atalisema kwa fahari kwa yeyote atakayemuuliza kwa upole.

Siku ya kuandikisha mtoto huwa naomba majina ya watu wawili au watatu wanaoruhusiwa, pamoja na picha zao, na mzazi anatia saini. Kisha nauliza swali ambalo wazazi wengi hawalitarajii: je, kuna mtu ambaye haruhusiwi? Hapo ndipo mambo ya wazazi waliotengana hujitokeza, na ni heri yajitokeze tumekaa kuliko yajitokeze mlangoni. Kama kuna amri ya mahakama, naomba nakala. Bila amri hiyo, neno la mzazi mmoja dhidi ya mwenzake linaniweka pagumu, na huwa nawaambia hivyo waziwazi wote wawili.

Na kama aliye kwenye orodha amekuja amelewa? Simkabidhi mtoto. Nampigia anayefuata kwenye orodha. Akitumia nguvu sipigani naye mbele ya watoto, nawapigia polisi na kuandika alikoelekea na amekwenda kwa usafiri gani.

Turudi kwa yule mama. Alipotulia alinieleza kwa nini alimtuma kaka yake: nilikuwa nimeweka faini kubwa kwa kuchelewa, akaona bora amtume yeyote aliye karibu kuliko kulipa. Maneno yale yalinikaa. Faini niliyoiweka ili watoto wachukuliwe mapema ndiyo iliyomsukuma kumtuma mtu asiyekuwemo kwenye daftari.

Faini ndogo nayo ina kasoro yake, na hili si la kubahatisha. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Vituo 6 viliweka faini ndogo kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Wazazi waliochelewa hawakupungua. Waliongezeka hadi karibu mara 2 ya awali, na faini ilipoondolewa baadaye hawakurudi kwenye hali ya mwanzo. Mimi nawaelewa wale wazazi. Kabla ya faini mtu alikimbia kwa kuona haya, akijua kuna mwalimu anayemsubiri. Baada ya faini, dakika zile zikawa kitu anachokinunua.

Basi kama kubwa inaleta hatari na ndogo inanunua ruhusa, tuweke kiasi gani? Mimi nadhani jibu linatoka kwenye hesabu ya kazi yenyewe, na walezi wengi hatuifanyi.

Chukua kipimo kimoja: ujira wa haki wa saa moja kwa mtu mzima anayeaminiwa na kazi kama hii mahali ulipo. Mimi naangalia watoto 4, saa 3 kwa siku, siku 5. Hizo ni saa 15 kwa wiki. Ongeza saa 1 kila siku ya kuandaa kabla hawajafika na kusafisha wakishaondoka, zinakuwa saa 20. Matumizi, yaani kitafunio, sabuni, karatasi na vifaa vya huduma ya kwanza, tuseme yanalingana na ujira wa saa 4. Jumla ni ujira wa saa 24 kwa wiki. Gawanya kwa familia 4: kila moja inalipa ujira wa saa 6 kwa wiki, na inapata saa 15 za uangalizi. Kwa kila saa ya mtoto, mzazi analipa 0.4 ya ujira wa saa moja. Hapo ndipo penye nafuu yake: wanachangiana mtu mmoja.

Sasa fikiria wanalipa kwa siku ambazo mtoto amekuja tu, kama wengi wanavyopenda. Kila mtoto akikosa siku moja kati ya tano, mapato yanashuka kutoka 24 hadi 19.2. Lakini mimi nipo siku zote tano, na matumizi yangu karibu hayapungui. Nikiondoa zile 4, nabaki na 15.2 kwa kazi ya saa 20. Karibu robo ya ujira wangu imeondoka bila mtu yeyote kuamua kunipunguzia. Kwa hiyo natoza nafasi, si mahudhurio. Mtoto akikosa, nafasi yake bado ipo na hakuna mwingine aliyekalishwa humo. Mlezi anayelipwa kwa mahudhurio mwishowe huongeza mtoto wa tano na wa sita kuziba pengo, na hapo anayelipia ni mtoto, kwa macho yaliyopungua juu yake. Ndugu wa pili nampunguzia kidogo sana, kwa sababu yeye naye ana mikono miwili na miguu miwili kama wengine.

Hesabu hiyo hiyo inatoa jibu la kuchelewa. Saa 12 ikipita, watoto watatu wameondoka na amebaki mmoja. Mimi bado ni mtu mzima mmoja kamili niliyeshikiliwa pale, lakini hakuna tena familia nne za kunichangia. Saa hiyo inagharimu ujira wote wa saa moja, siyo 0.4. Ni mara 2.5 ya kiwango cha kawaida. Nikitoza hivyo, kwa kila robo saa, sijamwadhibu mtu. Nimetoza kilichotumika. Nikimwonyesha mzazi hesabu hii kwenye karatasi, mara nyingi hanung'uniki, ilhali faini ya kubuni walikuwa wakinung'unikia kila mwezi.

Lakini nilijifunza kutoiacha pesa ifanye kazi yote. Nimeweka kikomo: muda wa ziada unaishia saa 1 usiku, na ni lazima uombwe kwa simu kabla ya saa 11 na nusu jioni. Mzazi akipiga kwa wakati, nabadilisha mipango yangu, napanga mtoto ale, na kama atatuma mtu tunalimaliza hapo hapo, jina na neno la siri. Akinyamaza mara tatu katika mwezi, simwongezei malipo. Tunakaa chini kuzungumza, na asipobadilika nampa notisi ya wiki mbili atafute mlezi ambaye saa zake zinalingana na kazi yake. Nimefanya hivyo mara moja. Iliniuma, kwa sababu mtoto yule alikuwa amenizoea.

Sababu ya kutopindisha hili ni kwamba mtoto aliyebaki peke yake baada ya saa 12 hayuko katika uangalizi ule ule wa saa 10. Amechoka na ana njaa, kila hatua ya mlangoni inamrusha. Mimi nimeanza kupika, wanangu wananiita. Nimeangalia daftari la ajali ndogo ninaloandika, na michubuko mingi iko kwenye nusu saa ile. Siku hizi, mtoto akibaki, sipiki. Nakaa naye.

Kuna na lile ambalo hatupendi kulifikiria: saa 1 usiku imefika, hakuna aliyepiga wala anayepokea. Nawapigia wote walioandikwa, mmoja mmoja, na kuandika dakika ya kila simu. Simtoi mtoto nje kwenda kumtafutia mzazi, kwa kuwa mzazi akifika akute nyumba imefungwa tumezidisha tatizo. Robo tatu ya saa ikipita bila jibu, nawaarifu polisi au ofisi ya ustawi wa jamii. Wazazi wanalijua hili tangu siku ya kwanza, maana limo kwenye karatasi waliyotia saini.

Yule mama alibaki nami. Jioni moja wiki iliyofuata alikuja na kaka yake, wakasimama wote wawili mlangoni. Mjomba alikuwa na picha ndogo ya pasipoti mkononi. Tukaibandika kwenye daftari, akaandika jina lake mwenyewe, na mama akatia saini pembeni.