Mpimeni presha akiwa amesimama

Mjomba wangu wa Umoja, mzee wa miaka 71 mwenye kisukari cha muda mrefu, alirudishwa nyumbani kutoka zahanati na pakiti ya vidonge vya kuongeza damu. Alikuwa amewaeleza wazi kwamba kila akiinuka kitandani alfajiri macho hufunga giza, kichwa huwa chepesi na hulazimika kushika ukuta asianguke. Alikalishwa kwenye kiti, akafungwa mkanda wa presha mkononi, mashine ikasoma 134 kwa 80, akaambiwa presha yake ni nzuri na huenda ni damu imepungua. Hakuna aliyepima hiyo damu. Kilichonikera zaidi ni kwamba mzee alilalamikia kinachompata akisimama, na muda wote wa kuhudumiwa hakupimwa hata mara moja akiwa amesimama.

Mtu anapoinuka, damu kati ya nusu lita na lita moja huteremka kwenye mishipa ya miguu na ya tumbo kwa uzito wake wenyewe, na inayorudi moyoni hupungua papo hapo. Moyo hauwezi kusukuma usichopokea, kwa hiyo kila pigo hutoa damu kidogo kuliko awali, na ubongo, ambao sasa uko juu ya moyo, ndio wa kwanza kukosa. Mwili haungoji maafa hayo yakamilike. Shingoni, chini kidogo ya taya, mahali ambapo ateri kuu hugawanyika mara mbili, na pia kwenye upinde wa ateri kubwa inayotoka moyoni, kuna ncha za neva zinazohisi jinsi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Ukuta ukitanuka vizuri, neva hizo hupeleka ishara mfululizo kwenye sehemu ya chini ya ubongo. Ukilegea, ishara hupungua, na upungufu huo ndio habari yenyewe. Ubongo hujibu kwa kuharakisha moyo na kuamuru mishipa midogo ya miguu na tumbo ijikaze, huku misuli ya vigimbi ikiikamua damu kwenda juu kila mtu anapopiga hatua. Katika mtu mwenye afya kazi yote hiyo humalizika ndani ya nusu dakika, naye hajui kwamba lolote limetokea.

Kijana mrefu, mwembamba, anayeruka kutoka kwenye kochi na kuona giza kwa sekunde kumi hivi, kwa kawaida amewahiwa tu na mshuko huo kabla mishipa haijajikaza, na ikiwa hali hiyo hupita upesi na hazimii, sina ugomvi mkubwa na anayemwambia anywe maji ya kutosha na ainuke taratibu. Mashine ya kawaida hata isingemsaidia, kwa sababu kabla haijamaliza kujaza mkanda na kusoma, presha yake imekwisha kurudi. Anayehisi chumba kinazunguka akigeuka upande akiwa bado amelala ana shida nyingine, ya sikio la ndani. Mzee ambaye giza lake haliondoki kwa dakika kadhaa ni jambo tofauti kabisa, na yeye ndiye anayeweza kuvunjika nyonga bafuni saa tisa usiku.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote ambacho zahanati haina. Mgonjwa hulala chali kwa dakika tano, hupimwa presha na mapigo, husimama, kisha hupimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Nambari ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, shida imeonekana. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwenye zahanati yenye foleni inayofika barabarani kitanda cha kumlaza kila mzee kwa dakika tano hakipatikani. Hata hivyo anaweza kupimwa akiwa ameketi kisha asimame, ila mshuko huwa mdogo kwa kuwa sehemu ya damu imekwisha teremka, kwa hiyo hata 15 kwa nambari ya juu unatosha kutiliwa maanani. Hata dakika hizo chache mjomba hakupewa.

Tulimpeleka kliniki nyingine, na muuguzi mmoja mtulivu akamlaza. Akiwa amelala alisoma 152 kwa 86, mapigo 74. Dakika moja baada ya kusimama, 124 kwa 74, mapigo 78. Dakika ya tatu, 118 kwa 72, mapigo 79, naye mzee akisema kwa sauti ya chini kwamba mabega na shingo vinamuuma na taa zimefifia. Nambari ya juu ilikuwa imeshuka kwa 34, huku mapigo yakiongezeka kwa matano tu. Hayo mapigo ndiyo yaliyoeleza mambo. Kama mzee angekuwa amepungukiwa na maji, au anavuja damu tumboni, moyo wake kwa kawaida ungekimbia kujaribu kufidia. Moyo unaotulia wakati presha inaporomoka kiasi hicho unaonyesha kwamba amri haiufikii, na kwa mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi mshukiwa wa kwanza ni neva zilizoharibiwa na sukari. Vidonge vya kuongeza damu havirekebishi neva.

Daktari aliagiza kipimo cha damu pia, nayo ikapatikana iko sawa, kisha akaomba dawa zote zimwagwe mezani. Kulikuwa na hydrochlorothiazide, inayotoa maji na chumvi mwilini kupitia mkojo, na tamsulosin ya tezi dume, ambayo hulegeza misuli ya njia ya mkojo lakini inaweza pia kuilegeza mishipa ya damu, ile ile inayotakiwa kujikaza mtu akisimama. Kila moja iliandikwa mahali tofauti kwa sababu nzuri. Daktari alizibadilisha zote mbili kwa nyingine, bila kumwachisha tiba ya presha, kwa kuwa presha ya juu isiyotibiwa huzidisha kuporomoka huko. Alimfundisha kuketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, kuchezesha nyayo, kukaza mapaja, na kunywa glasi mbili za maji asubuhi. Kwenye ziara iliyofuata mshuko ulikuwa 16. Neva hazikupona, lakini ukuta haushiki tena.

Ninawaomba wanaopeleka wazazi kliniki waangalie jambo dogo ambalo hata wahudumu wazuri hulisahau. Mgonjwa akisimama, mkono wenye mkanda hutakiwa kuinuliwa na kushikiliwa usawa wa moyo. Ukiachwa uning'inie, mashine husoma presha ya juu kuliko ilivyo, na mshuko wa kweli unaweza kufichika. Tena, kipimo cha alasiri kikitoka sawa hakimalizi swali, kwa sababu hali hii huwa mbaya zaidi asubuhi, baada ya figo kutoa maji usiku kucha, na vilevile baada ya mlo mzito, damu inapokwenda tumboni. Mwenye mashine nyumbani ampime mzee alfajiri, kwanza akiwa bado kitandani, kisha akisimama huku mtu amemshika, aandike presha na mapigo ya kila hatua pamoja na majina ya dawa zote, na karatasi hiyo iwekwe mbele ya daktari kabla hajaandika chochote. Mzee akizimia, au akipata choo cheusi kama lami pamoja na giza hilo la macho, asingojee alfajiri. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.