Mishono ya UV: kukata zaidi au kuvumilia kuvutika?

"Kama mshono ndio unaoondoa kuvutika kwa tekscha, kwa nini nisikate kila ukingo wa kitu changu cha chuma?"

Kwa sababu mshono, yaani mstari wa kukatia uso wa kitu cha 3D ili ulale bapa kwenye ramani ya UV na kupokea picha ya tekscha, una kazi pale tu uso unapokataa kulala chini bila kukatwa, na sehemu nyingi za vitu vigumu hazikatai. Chukua tochi ya chuma yenye pande 24: mwili ni bomba la kipenyo cha sentimita 4, na kichwa kinapanuka kutoka 4 hadi 6. Bomba ukilitenga kwenye duara zake mbili za mwisho, kisha ukalipasua mara moja kwa urefu, linafunguka kama karatasi iliyokuwa imeviringishwa na kuwa mstatili wa upana wa sentimita 12.6 hivi. Hakuna kilichovutika. Mpasuo wa pili hapo hauna cha kuponya.

Anayetetea mishono mingi ana hoja ya kweli, lakini hoja hiyo inakaa kwenye kingo kali. Pale mwili unapokutana na kifuniko kwa nyuzi 90, ukiacha nyuso hizo mbili zimeungana, programu italazimika kukunjua kitu ambacho hakikunjuki, na miraba ya drafti, ile picha ya majaribio inayobandikwa ili kuonyesha kuvutika, itaanza kurefuka karibu na kona. Isitoshe, ukingo uliowekewa Mark Sharp, amri ya Blender ya kuufanya uonekane mkali, unahitaji mshono hata kwa sababu nyingine: usipokata, ukioka ramani ya nomali, yaani picha inayohifadhi uso umeelekea wapi, utaona mstari mchafu ukifuata kona, maana rangi za pande mbili zimegusana kwenye pikseli zilezile. Na mkato huo hauongezi mzigo, kwa kuwa ukingo mkali tayari umeshagawa vipeo vyake katika kadi ya michoro.

Kwenye uso laini hesabu inageuka. Bomba letu lina vipeo 48. Mshono mmoja wa urefu unavifanya 50. Ukikata kingo zote 24 za urefu, vinakuwa 96, na miraba ya drafti haijabadilika hata kidogo. Juu ya hapo kila kisiwa, yaani kila kipande kilichokatwa kwenye ramani, kinadai nafasi pembeni yake. Katika picha ya pikseli 2048, nafasi ya pikseli 8 inabaki pikseli 1 tu picha ikishapunguzwa nusu mara tatu kwa ajili ya kuonekana kwa mbali. Ndiyo maana tochi iliyokatwakatwa huonekana safi kwa karibu, halafu ikisogea mbali inatoa mistari myembamba yenye rangi ya jirani.

Kichwa ndicho kinachonifikirisha zaidi. Ikiwa kina kimo cha sentimita 3, kwa mshono mmoja kinafunguka kama upepeo wa nyuzi 114 hivi. Upepeo huo haujavutika popote. Tatizo lake ni jingine: umepinda, unakula nafasi ya picha, na mchirizi wowote unaozunguka kichwa lazima uchorwe kwa kufuata tao, hivyo unatoka na ngazi ngazi za pikseli. Wengi huunyoosha kwa amri ya Blender iitwayo Follow Active Quads uwe mstatili. Michirizi inanyooka, lakini sasa ndipo kuvutika kunapoingia: tukitumia upana wa wastani, ukingo mpana unavutwa kwa asilimia 20 na mwembamba unabanwa kwa kiasi hicho hicho. Kupasua kichwa vipande vinne vya urefu hakusaidii, kwa kuwa kila kipande kikinyooshwa kinabaki na tofauti ileile. Kinachopunguza ni kukata kwa mzunguko katikati, na kila pete ikapewa upana wake. Tofauti inashuka hadi karibu asilimia 10. Ila mshono huo sasa unapita mahali laini, mbele ya macho ya mtazamaji.

Mimi ningeamua kwa kuangalia kitakachochorwa. Kama kichwa kina maandishi au nembo, ningeuacha upepeo ulivyo, kwa sababu herufi iliyovutika kwa asilimia 20 inaonekana mara moja. Kama kina michirizi ya chuma kilichosuguliwa kwa kuzunguka, ningenyoosha na kuukubali mvuto, maana mchirizi unaorefuka kuelekea ulikolala hauonyeshi kosa. Pete mbili ningezitumia tu ikiwa kuna mfereji wa kuuficha mshono.

Kabla ya kulaumu mishono, soma drafti vizuri. Miraba iliyogeuka mistatili ni kuvutika. Miraba kamili iliyo mikubwa huku na midogo kule ni visiwa visivyolingana ukubwa, na dawa yake katika Blender ni Average Islands Scale. Na ikiwa kitu kizima kimerefuka upande mmoja, bomba likiwemo, karibu kila mara umekiongeza urefu bila kuthibitisha kipimo: ukiwa katika Object Mode bonyeza Ctrl+A, chagua Scale, kisha kunjua upya kwa mishono ileile.