Muhuri wa wakili unathibitisha nakala, hauthibitishi cheti

"Vyeti vyangu halisi ninavyo, nimeviskani kwa rangi na vinasomeka mpaka namba. Kwa nini bado naambiwa nikavigongeshe muhuri kwa wakili kabla ya kuvipakia kwenye maombi ya kazi? Na mwenyekiti wa mtaa hawezi kunigongea?"

La mwenyekiti ni jepesi, tulimalize kwanza. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wanakutambulisha wewe: unakaa wapi, wanakufahamu vipi. Karatasi yako ya shule haiwahusu. Kwa hapa Tanzania, anayethibitisha nakala ya cheti ni wakili ambaye pia ni kamishna wa viapo, au hakimu, na ndiyo maana wengi huenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nao. Yupo na wa tatu ambaye watu humsahau, naye ni chombo kilichotoa cheti chenyewe. Msajili wa chuo chako akithibitisha nakala ya cheti cha chuo hicho, ushahidi wake unazidi wa wakili yeyote, kwa sababu kumbukumbu za wahitimu anazo yeye.

Swali la kwanza ndilo zito, na nadhani linajibiwa vibaya mara nyingi. Wanaosema nakala iliyoskaniwa itoshe bila muhuri huonekana wanataka kurahisisha mambo na kuwafungulia mlango wenye vyeti vya kughushi. Mimi naona wanachodai, kwamba aliyetoa cheti aulizwe mwenyewe, ni kigumu kuliko muhuri. Lakini wanaoutetea muhuri nao wana hoja.

Wakili akigonga muhuri anasema jambo moja: siku hii niliona karatasi halisi, nikailinganisha na nakala hii, zikafanana. Anaweka jina, anwani, tarehe na sahihi. Akisema uongo, yupo wa kuulizwa, kwa kuwa ana leseni anayoihuisha kila mwaka na anaweza kufikishwa mbele ya Kamati ya Mawakili. Mtu aliyebadilisha alama zake kwa kompyuta nyumbani hana karatasi halisi ya kumwonyesha wakili, kwa hiyo muhuri humzuia mghushi wa aina hiyo. Na kuna wapokeaji wasio na njia ya kumuuliza aliyetoa cheti: shule ndogo binafsi, kampuni ya watu watano, chuo cha nchi ya mbali. Hao wanahitaji mtu mwenye dhamana awaambie kwamba karatasi halisi ipo. Mahakamani nako, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka waraka uthibitishwe kwa waraka wenyewe, na nakala hupokewa katika mazingira yaliyotajwa na sheria. Hiyo ndiyo kazi ya muhuri, na sipendi kuidharau.

Tatizo ni kwamba tumeubebesha kazi ambayo haukuahidi kuifanya. Wakili hana daftari la matokeo. Ukimpelekea cheti cha kidato cha nne kilichochapishwa vizuri uchochoroni, karatasi ngumu na rangi zote mahali pake, naye akakilinganisha na nakala na kuona vinafanana, basi amesema kweli. Nakala ni ya kweli. Cheti ndicho cha uongo.

Hapa lazima turudi Aprili 2017. Tarehe 28 ya mwezi huo, Waziri wa Utumishi wa wakati huo, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais Magufuli mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi. Namba hiyo ilitangazwa sana, na watu walibishana kuhusu huruma na adhabu, nani afukuzwe na nani asamehewe. Sikusikia wengi wakiuliza vyeti hivyo viliingiaje kwenye majalada. Watu hawa hawakuajiriwa kwa maneno matupu. Kila mmoja alikuwa na jalada, na utaratibu wa kuomba kazi serikalini ulikwishazoea kudai nakala zilizothibitishwa. Mtego ulikuwepo miaka yote hiyo, na maelfu wakapita. Walionaswa walinaswa pale majina na namba zao zilipopelekwa Baraza la Mitihani, NECTA, zikalinganishwa na kumbukumbu za waliofanya mitihani.

Ndani ya taarifa ile ile kulikuwa na kundi dogo ambalo hunisumbua zaidi ya hao 9,932: vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Kile cheti ni halali. NECTA ilikitoa, mtihani ulifanyika, namba ipo. Ila kina wenyewe wawili, mmoja wa kweli na mwingine aliyejivika jina la mwenzake, ndugu aliyekiazima au mtu aliyekinunua. Fikiria wakili mwadilifu kuliko wote nchini, anayekagua kila mstari kwa kioo cha kukuza. Akiletewa cheti hicho atagonga muhuri bila kusita, na atakuwa sahihi kabisa. Kosa halimo kwenye karatasi, wala haliwezi kuonekana ukiitazama karatasi. Linaonekana siku namba ile ile ya mtihani inapotokea kwenye majalada mawili, jambo ambalo mezani kwa wakili haliwezi kutokea.

Ndiyo maana taasisi zilizoumwa na nyoka huyu zimeanza kuuruka muhuri. Anayeomba shahada ya kwanza leo anaandika namba yake ya mtihani na mwaka, na mfumo wa chuo unachukua matokeo moja kwa moja kutoka NECTA. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hairidhiki na cheti cha kuzaliwa chenye muhuri wa wakili, inataka kihakikiwe kwanza na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Mwombaji anapakia nakala iliyoskaniwa kwenye mfumo wa RITA, wao wanaitafuta kwenye daftari lao, ndipo inakubalika. Nakala ni skani tupu, na bado ni vigumu zaidi kuidanganya kuliko ile yenye mihuri mitatu.

Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, Ajira Portal, uko katikati ya zama mbili. Tuchukue mhitimu mmoja wa kufikirika aliyeko Kasulu, ana cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, cha shahada, na transkripti ya kurasa tatu. Tangazo linasema vyeti vithibitishwe. Anatoa fotokopi nyeusi na nyeupe, anakwenda kwa wakili, anagongewa, anapeleka karatasi stesheneri, zinaskaniwa kuwa PDF, anapakia. Sasa tazama kilichomfikia mwajiri. Wino wa muhuri umekuwa picha, na picha ya muhuri mtu yeyote mwenye simu anaweza kuikata na kuibandika kwingine. Rangi za cheti zilipotea kwenye fotokopi. Picha ya mhitimu imekuwa doa jeusi. Mwajiri angepata zaidi kama angepewa skani ya rangi ya cheti halisi, kwa sababu hapo angeweza kusoma namba ya mtihani na kuiuliza NECTA. Kisha mhitimu akiitwa kwenye usaili anatakiwa kufika na vyeti halisi, vikaguliwe kwa macho. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi hapo, hata zingegongwa muhuri na majaji. Kwa hiyo ule muhuri wa mwanzo haukutumika kuamua lolote ambalo usaili hautaliamua upya.

Gharama yake huonekana ndogo kwa aliye mjini. Tuseme ni shilingi 5,000 kwa kila cheti. Vyeti vinne na transkripti ni 25,000, bado nauli ya kufika kwa wakili. Anayelipa ni kijana asiye na kazi, na analipa kabla hajajua kama ataitwa. Nimewahi kukaa kwenye benchi la ofisi moja ya wakili nikisubiri zamu yangu. Karani alikuwa na muhuri mkononi na rundo la fotokopi mbele yake, akigonga moja baada ya nyingine. Vyeti halisi vilikuwa kwenye mabahasha ya wenyewe, havijafunguliwa. Muhuri unapokuwa sharti la kila mtu kwa kila tangazo, hata ile kazi moja unayoiweza haifanyiki tena.

Upande ninaouunga mkono una udhaifu wake. Uhakiki kwa aliyetoa cheti unategemea daftari lake. Cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa kwa mkono wilayani miaka ya nyuma hutafutwa kwenye vitabu, na dirisha la mikopo halimsubiri mtu. Cheti cha nje ya nchi kinahitaji kupita NECTA kama ni cha sekondari, au Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kama ni shahada, na hilo huchukua muda. Kipindi hicho cha kungoja ndipo nakala iliyothibitishwa inapokuwa na heshima yake: impe mwombaji nafasi ya muda, jibu la daftari lije baadaye.

Kwa aliyeuliza: tangazo likisema "vilivyothibitishwa", gongesha, maana mchujo wa kwanza haubishaniwi. Nenda na vyeti halisi na uombe vitazamwe mbele yako. Hakikisha jina la wakili linasomeka na tarehe ipo. Transkripti igongwe kila ukurasa, siyo wa kwanza tu. Usigongeshe fotokopi iliyotokana na fotokopi nyingine. Baada ya hapo skani kwa rangi. Tangazo likisema tu "ambatisha nakala", pakia skani ya cheti halisi na usitoe pesa yako. Kama jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne, muhuri hautaziba pengo hilo. Hilo linataka hati ya kisheria ya jina, nayo ianze mapema. Na karani asiguse kabisa cheti chenyewe kwa muhuri, hata kwa nyuma. Muhuri ni wa nakala, na cheti chenye wino wa mtu mwingine kitakuletea maswali kwenye kila meza utakayokifikisha.