Sekunde 30 za Sauti: Lini Zinafaa na Lini Uandike Tu

Mwaka 2021 programu ya Hinge iliwaruhusu watumiaji wake kujibu maswali ya wasifu kwa sauti isiyozidi sekunde 30, na tangu hapo watu wengi wanaotafuta wenzi mtandaoni wamejikuta wakijiuliza kama wajirekodi au waendelee kuandika. Ninaipenda sauti kuliko video, na ninaamini inafaa katika nafasi mbili tu: jibu moja fupi ndani ya wasifu, na siku zile za kati, baada ya watu wawili kuandikiana kiasi na kabla hawajakutana. Nje ya nafasi hizo, mara nyingi inamwongezea msikilizaji kazi bila kumpa kitu.

Nianze na wasifu, kwa sababu huko ndiko makosa yanakofanana zaidi. Tumchukue mwanamke anayejibu swali linalomtaka aeleze jambo lililomchekesha hivi karibuni. Mara ya kwanza anajirekodi hivi: "Habari, mimi ni mtu mchangamfu, napenda kusafiri, napenda kucheka na kukaa na watu wakweli, kwa hiyo kama uko makini karibu tuzungumze." Hakuna neno hapo ambalo lingepotea kama angeliandika. Msikilizaji ametoa muda wake akapewa orodha ya sifa, tena kwa ile sauti iliyonyooka ya mtu anayesoma, maana jibu la namna hii karibu kila mara huandikwa kwanza kisha likasomwa.

Sasa tuseme anarekodi upya na kusema: "Juzi nilikuwa namfundisha baba kupiga simu ya video. Muda wote nilikuwa naongea na sikio lake, kwa sababu kila nikimwambia atazame simu, anaibandika sikioni ili anisikie vizuri. Kwenu nani anakutoa jasho hivyo?" Jibu hilo halifiki sekunde 20. Lina tukio moja, na lina mahali ambapo sauti yake itayumba kwa kicheko bila yeye kupanga. Tena linamalizika kwa swali ambalo mgeni anaweza kulijibu mara moja bila kuumiza kichwa. Tunasikia pia jinsi anavyomzungumzia baba yake, kama ni kwa upendo au kwa dharau, na hilo maandishi yangeliacha wazi. Hapo sauti imefanya kazi yake.

Njia ya kufika huko si kuandika hotuba. Andika maneno matatu tu ya kukukumbusha mtiririko, katika mfano huu "baba, sikio, swali", kisha simulia kama unamsimulia mtu unayemfahamu. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia, nguo au kitanda, kwa sababu kuta tupu hurudisha mwangwi, na ishike simu umbali wa kama shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya herufi kama "p" na "b" isiipige maikrofoni moja kwa moja. Ukimaliza, sikiliza mara moja kwa spika ya simu yenyewe, kwani wengi watakusikia kwa njia hiyo.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa hawaipendi sauti yao wanapoisikia kwenye rekodi. Sababu yake inajulikana. Tunapozungumza tunajisikia kwa njia mbili kwa pamoja, kupitia hewa na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa hiyo huzipa nguvu sauti za chini. Rekodi inabaki na ile ya hewani peke yake, kwa hiyo tunajiona tuna sauti nyembamba kuliko tulivyozoea. Watu wengine wamekuwa wakiisikia sauti hiyo miaka yote na hawaoni kasoro. Anayeirudia rekodi tena na tena akitafuta sauti anayoisikia kichwani mwake hataipata, na kila jaribio litamfanya asikike zaidi kama mtu anayesoma tangazo.

Katika mazungumzo yenyewe, ninashauri ujumbe wa kwanza uwe wa maandishi daima. Maandishi mtu huyapitia kwa jicho popote alipo na kuamua kama atajibu, lakini sauti inamtaka atafute hedifoni au faragha, kisha aisikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla hajajua kuna nini ndani. Kumtwika mzigo huo mtu ambaye bado hujafahamiana naye si haki. Mkishazoeana, sema kwanza, "Nikutumie kwa sauti? Ni kisa kidogo," na umwachie nafasi ya kukataa. Wapo wasiosikia vizuri, wapo wanaoishi chumba kimoja na wengine, na wapo wanaopata shida ya kuzungumza na hivyo hawapendi kujibu kwa sauti. Hakuna anayepaswa kujieleza kwa nini anapendelea kuandika.

Kuna mambo ambayo hayafai kabisa kusemwa kwa sauti. Mahali na saa ya kukutana viandikwe, kwa sababu mtu atavihitaji tena akiwa njiani. Hasira nazo zisirekodiwe, kwani neno kali lililoandikwa mtu hulisoma tena na kulifuta kabla ya kulituma, ilhali rekodi hutumwa ikiwa bado ya moto. Na ujumbe wa sauti unaovuka dakika moja kwa mtu ambaye hamjawahi kukutana ni mazungumzo ya upande mmoja. Kama una mengi kiasi hicho, omba kupiga simu.

Video fupi ninaipa nafasi ndogo zaidi. Inasaidia pale inapoonyesha mwendo halisi wa jambo unalolipenda, kwa mfano unacheza ngoma au unapanda ukuta wa mazoezi, kwa kuwa picha isiyotembea hailionyeshi vizuri. Ukijirekodi umekaa tu ukiitazama kamera, video inaongeza kidogo juu ya picha nzuri, na wengi huishia kuweka filta, jambo linaloharibu faida yake pekee. Kabla ya kuipakia, itazame mara moja bila kujitazama wewe: angalia kilicho nyuma yako. Kitambulisho cha kazi shingoni, namba ya gari, nembo ya shule kwenye sare ya mtoto au jengo linaloonekana dirishani vinatosha kumwonyesha mgeni mahali unapopatikana, na video hubeba vitu vingi vya namna hiyo kuliko picha uliyoichagua kwa uangalifu. Ukikuta kimojawapo, rekodi upya mbele ya ukuta.

Wengine huzichukulia rekodi hizi kuwa uthibitisho kwamba anayezungumza ndiye aliye kwenye picha. Nawasihi wasizitegemee hivyo. Video iliyowekwa kwenye wasifu inaweza kuwa imechukuliwa kutoka ukurasa wa mtu mwingine, na siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigwa kwa kompyuta. Ujumbe wa sauti unaojibu jambo ulilouliza muda huo huo una uzito kidogo zaidi, lakini bado ni rekodi. Simu ya video ya moja kwa moja ya dakika chache, kabla hamjapanga kukutana, ni kipimo bora kuliko rekodi yoyote, ingawa nayo si kinga kamili. Mtu anayekwepa simu hiyo kila inapoombwa huku akiendelea kutuma sauti tamu, kisha akaanza kuzungumzia shida ya fedha, asitumiwe chochote, na wasifu wake uripotiwe ndani ya programu kabla ya kumzuia.